Pamba Haijawahi Kuwa ya Bluu

Mektilda Mayunga alikuwa na miaka sabini na mbili, cherehani moja, na kumbukumbu isiyokosea. Hilo la kumbukumbu alilisema mwenyewe, na kwa kuwa wengi waliokuwa na uwezo wa kumpinga walishatangulia mbele ya haki, lilibaki kuwa kweli. Ukimuuliza mvua ya mwaka sabini na nne ilianza lini, atakutajia siku, na nani alinyeshewa, na alikuwa amevaa nini. Hasa alikuwa amevaa nini. Nusu ya mji wa Bariadi ilikuwa imepita chini ya futi yake ya kupimia, na wengine aliwapima wakiwa tumboni, akimwambia mama mjamzito, "Acha nafasi ya vidole vinne hapa, huyu atakuja na kichwa cha baba yake."

Shule alisoma mpaka darasa la nne. Akaona inamtosha, au baba yake ndiye aliyeona. Alizaliwa Nkoma, kwenye pamba, akaolewa Bariadi mjini, akajifunza kushona kwa masista. Alipofika umri wa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa parokia nzima. Na katika umri huohuo akawa mwizi wa parokia nzima, cheo ambacho hakukiomba na hakuna aliyemvua kwa miaka hamsini.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka kanisa lilipobarikiwa, Padre Klementi, Mzungu mrefu mwenye kanzu na pikipiki, alileta kutoka kwao jora la kitambaa cha bluu, yadi thelathini na sita, kwa ajili ya kwaya ya akina mama kumi na wawili. Mektilda ndiye aliyekabidhiwa, na yeye mwenyewe akiwa mmoja wa hao kumi na wawili. Baada ya sherehe, Eufrasia binti katekista akaanza kunong'ona kwamba kitambaa cha Padre kimeuzwa sokoni na kwamba kwaya imeshonewa kitambaa kingine, cha zambarau, cha bei ya chini. Eufrasia hakuwa mwanakwaya. Alijaribiwa sauti mara mbili, na mara ya pili mbwa wa masista walimsaidia kuimba. Kwa hiyo alikuwa na muda wa kutosha wa kuangalia mavazi ya wengine.

Padre akahamishwa, wazee wakafa, na uvumi ukabaki, maana uvumi hauugui malaria. Eufrasia akisema zambarau, Mektilda anasema bluu, zote kumi na mbili, bluu kama mbingu ya mwezi wa saba. Wanakwaya wenzake waliobaki hai walikuwa wawili tu. Mmoja yuko Malampaka na hasikii. Mwingine yuko Lamadi na anakumbuka vizuri sana, ila anakumbuka alichosema mtu wa mwisho kumtembelea.

Sasa parokia inatimiza miaka hamsini, na kamati ya jubilei inaandika kitabu. Mwenyekiti wa kamati ni nani? Ni Bi Eufrasia. Mungu naye anapenda mzaha.

Katika kutafuta picha, walipata bati la biskuti lililokuwa limekaa juu ya dari la nyumba ya mapadre, chini ya mabati, likiokwa na jua la Simiyu kwa nusu karne. Ndani mlikuwa na slaidi za Padre Klementi, zile picha ndogo za kuonea kwenye mwanga, kila moja imebanwa kwenye fremu ya karatasi ngumu, na vipande vichache vya negativu. Wakazipeleka kwa Gilbert Luhende mwenye studio karibu na soko, akaziskani, na kwa haraka ya kamati akawapa vilevile zilivyotoka kwenye skana.

Jumapili baada ya misa ya pili, ukumbini, Bi Eufrasia akaziweka kwenye projekta. Ikaja picha ya siku ya kubariki kanisa. Padre katikati, wanakwaya kumi na wawili wamesimama mbele ya ghala la chama cha msingi cha wakulima, na nyuma yao lundo la pamba linalofika kwenye ukingo wa bati. Picha nzima ilikuwa nyekundu kama imechovywa kwenye maji ya rozela. Na magauni? Zambarau iliyoiva, inayoelekea kwenye waridi.

"Sitasema neno," akasema Bi Eufrasia, akalisema. "Mna macho. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji Ijumaa. Ukurasa wa tisa, chini ya Changamoto za Mwanzo, tumeandika kwamba kitambaa cha bluu kilichotolewa na Padre kilibadilishwa na fundi. Jina hatujaweka. Sisi ni Wakristo."

Ukumbi ukacheka. Fundi wa mwaka ule alikuwa mmoja, na alikuwa ameketi safu ya tatu.

Mektilda hakulia. Alifunga mkoba wake, akasimama, akapita katikati ya viti akiwaangalia mmoja mmoja, na wengi wao alikuwa anawajua viuno vyao kwa inchi.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Gilbert kabla Gilbert hajafungua kufuli.

"Mwangaluka, mayu," akasema Gilbert, akimwamkia kwa Kisukuma kama mama yake.

"Mwangaluka. Ni wewe uliyenivisha zambarau?"

"Si mimi, mayu. Ni filamu."

"Filamu ina mikono? Ina cherehani? Fungua mlango."

Gilbert alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mtaratibu, ambaye riziki yake ilikuwa picha za pasipoti, kadi za harusi na kurudufu vyeti vya kuzaliwa. Skana ya kulaza yenye taa ya filamu aliinunua kwa mtu aliyefunga studio Mwanza, na tangu ainunue hakuwa amepata kazi yake mpaka bati la biskuti lilipofika. Akamvutia kiti. Mektilda akakisogeza mpaka magoti yake yakagusa meza.

"Nionyeshe."

Gilbert akaifungua picha. Nyekundu ileile. Kisha, kama vijana wote wenye kompyuta, akabonyeza kitufe kinachorekebisha rangi chenyewe.

Picha ikageuka. Ardhi nyekundu ya mbele ya ghala ikawa kijivu kama ugoro. Nyuso za kwaya zikawa za kijani, na Padre Klementi akawa kama mtu aliyekunywa dawa ya wadudu wa pamba.

"Hongera," akasema Mektilda. "Jana nilikuwa mwizi. Leo sote ni maiti."

"Kitufe hiki kinadhani kila picha, ukichanganya rangi zake zote, lazima itoe kijivu," Gilbert akasema, akifuta jasho na akirudisha picha ilivyokuwa. "Hapa nusu ya picha ni udongo mwekundu wa kweli. Kimeuona wekundu mwingi, kikausukuma wote kwenye kijani, wa ugonjwa na wa halali pamoja."

"Kwa hiyo mashine haijui kwamba udongo wetu ni mwekundu."

"Haijui, mayu."

"Basi aliyekwenda shule zaidi kati yangu na hiyo mashine ni mimi. Endelea."

Akamweleza. Filamu ya rangi ni kama kitambaa kilichotiwa rangi tatu moja juu ya nyingine: moja ya bluu inayoelekea kijani, moja ya waridi iliyokoza, moja ya njano. Filamu nyingi za zamani, hasa zikikaa kwenye joto, hata gizani, ile ya bluu-kijani ndiyo hutangulia kukimbia. Zinabaki waridi na njano, na hizo mbili zikikaa pamoja bila mwenzao, unapata wekundu.

Mektilda akaitikia kwa kichwa. Hili hakuhitaji kufundishwa. "Kama kitenge cha kijani kilichoanikwa sana. Bluu inaondoka, unabaki na njano ya aibu. Mteja anakuja kusema nimembadilishia."

"Ndivyo hasa. Sasa, penye weupe kwenye slaidi hapakuwa na rangi nyingi, kwa hiyo hapakuwa na kingi cha kupotea. Hasara kubwa iko kwenye giza. Angalia tairi la gari pale pembeni."

Tairi la gari la chama lilikuwa jekundu kama ini.

Gilbert akafungua kidirisha chenye vilima vitatu, kimoja cha nyekundu, kimoja cha kijani, kimoja cha bluu, kila kimoja kikionyesha picha ina kiasi gani cha rangi hiyo kutoka gizani hadi kwenye mwanga. Kilima cha kijani na cha bluu vilitanda vizuri. Kile cha nyekundu kilikuwa kimejikunja upande wa mwanga kama mbuzi waliokimbia mvua. Upande wa giza hakikuwa na kitu.

"Nitaishika miguu ya hiki, niivute mpaka ifike gizani, hiki peke yake, bila kugusa vingine."

"Kitapasuka."

"Kingepasuka kama ningeskani kwa kawaida. Nimeskani kwa kina kikubwa, rangi nyingi kuliko jicho linavyoona. Nimeacha kitambaa cha kutosha kwenye mshono."

Mektilda alimwangalia upya. Kijana anayejua kuacha kitambaa kwenye mshono si wa kudharauliwa sana.

Gilbert akavuta taratibu. Tairi likatoka kwenye ini, likawa kahawia, likawa jeusi. Nywele za kwaya zikawa nywele. Na magauni yakaanza kutoka kwenye waridi, yakisogea, yakisogea. Mektilda akajikuta amelishika shati la Gilbert begani.

"Bado weupe una umanjano na upinki kidogo. Ni uzee wa filamu," Gilbert akasema. "Natafuta kitu ambacho kilikuwa cheupe kweli, niiambie mashine, hiki ndicho cheupe." Akapeleka kishale moja kwa moja kwenye kanzu ya Padre Klementi. Kanzu ya padre ni nyeupe. Nani wa kubisha? Akabonyeza.

Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Kanzu ikawaka. Mbingu ikatulia. Na magauni yakawa bluu, yote kumi na mawili, mengine bluu nyepesi, moja la mwisho kushoto bluu nzito kidogo, lakini bluu ni bluu.

"Yesu na Maria," akasema Mektilda. Akayahesabu magauni kwa kidole kwenye kioo, mpaka la kumi na mbili.

Kisha akasema, "Mpigie simu Mwenyekiti."

Bi Eufrasia alikuja na bodaboda, na mwavuli, na daftari la kamati. Alisimama nyuma ya kiti, akavaa miwani, akaiangalia picha kwa muda mrefu kama anayetafuta kasoro kwenye mahari.

"Kompyuta inaweza kufanya rangi yoyote," akasema.

"Inaweza," Gilbert akajibu. "Ila sijapaka gauni lolote, mama. Nimenyoosha picha nzima pamoja. Ukinyoosha giza kwa tairi na weupe kwa kanzu, yaliyobaki yanakuja yenyewe."

"Hiyo kanzu inapendeza," akasema Bi Eufrasia, sauti ikilegea. "Imetakata. Kwenye projekta Padre alikuwa kama bucha." Akakohoa. "Basi. Labda watu walikosea kuona. Zamani kulikuwa na vumbi."

"Watu," akasema Mektilda.

"Watu. Ukurasa wa tisa tutaufuta ule mstari. Itawekwa hii picha, ukurasa mzima, na chini yake, Kwaya ya kwanza katika sare ya bluu, zawadi ya Padre Klementi. Umeridhika, Mektilda? Au unataka tukupigie na kengele?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeaga na kwenda nyumbani. Miaka hamsini ya kuitwa mwizi ilikuwa imefutwa kwa kitufe kimoja, mbele ya adui, na adui mwenyewe ndiye ameshika kalamu. Mektilda alishaanza kuchagua moyoni gauni la kuvaa siku ya jubilei. Gilbert akatoa nakala moja kwenye printa, akampa akiwa bado na joto la mashine, na Mektilda akaipeleka mlangoni kwenye mwanga wa jua, kama anavyofanya na kitambaa chochote anacholetewa, maana taa za dukani ni waongo.

Akasimama pale. Akaisogeza karibu na macho.

"Gilbert."

"Mayu."

"Hili lundo ni nini?"

"Si pamba?"

"Nakuuliza wewe, uniambie ni pamba ya rangi gani."

Gilbert akaja mlangoni, akaangalia. Lundo lote la pamba, kuanzia chini hadi kwenye bati, lilikuwa na ubluu wa baridi, kama maziwa yaliyotiwa maji na mwuzaji asiyeogopa Mungu. Na bati la ghala nalo lilikuwa bluu.

"Ni kitu kidogo, mayu. Wasomaji hawataona."

"Wasomaji wa wapi? Wa Ulaya? Kitabu kitasomwa hapa. Mtoto wa darasa la pili wa Nkoma akishika picha hii atauliza pamba imeugua nini. Hiyo ilikuwa pamba safi, si fifi, ile chafu ya daraja la pili. Nilipita pale asubuhi ile kwa miguu yangu. Niliichambua pamba tangu nikiwa na meno ya utoto, fifi kikapu hiki, safi kikapu hiki. Pamba safi ni nyeupe. Haijawahi kuwa ya bluu."

"Acha pamba, Mektilda," akasema Bi Eufrasia kutoka ndani. "Pamba haiimbi kwaya."

"Na kanzu haikuwa nyeupe!" Mektilda akageuka. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimfulia, Eufrasia, wewe na mama yako, kwa maji ya lambo. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mungu alimpokea nayo hivyohivyo."

Bi Eufrasia akalifunga daftari. Hakuna mwanamke anayependa kukumbushwa ufuaji wake mbele ya kijana.

Gilbert alikuwa ameshaelewa. Alirudi kwenye kiti kama mtu aliyegundua ameingia harusi isiyo yake. "Nimeiambia mashine kitu cha chai ni cheupe," akasema polepole. "Ili kutoa uchai kwenye kanzu, ikaongeza bluu kwenye kila kitu. Nirudie?"

Na hapa, nisiwafiche, Mektilda alisita. Aliona kwenye sura ya Gilbert kwamba aliposema kila kitu alimaanisha kila kitu, na magauni yamo. Nakala ilikuwa mkononi mwake. Eufrasia alikuwa ameshafunga daftari. Ilibaki kukaa kimya tu. Lakini kukaa kimya kuhusu rangi, mbele ya jambo ambalo hata mbuzi wa Nkoma anaweza kulishuhudia, kulikuwa juu ya uwezo wake.

"Rudia," akasema. "Weupe ni pamba."

Gilbert akafuta hatua ya kanzu. Akachagua sehemu ya lundo iliyopigwa na jua, si ile iliyomeremeta kupita kiasi, akabonyeza. Kisha kwa rangi za katikati akachukua bati la ghala, bati jipya la kijivu lisilopakwa kitu, akainyoosha picha mpaka bati likawa bati. Weusi ni tairi, kijivu ni bati, weupe ni pamba. Kanzu ya Padre ikarudi rangi ya chai ya maziwa, chai ya watu wasio na maziwa mengi. Udongo ukawa udongo wa nyumbani.

Magauni kumi na moja yakawa bluu.

La kumi na mbili, la mwisho kushoto, likawa zambarau. Si zambarau ya ugonjwa wa filamu. Zambarau yenyewe, iliyosimama peke yake kama kunguru kati ya njiwa. Na aliyelivaa alikuwa binti mwembamba mwenye kidevu juu, ambaye hata kipofu angemtambua kwa kile kidevu kuwa ni Mektilda.

"Ooh," akasema Bi Eufrasia. Lilikuwa neno dogo lenye miaka hamsini ndani yake.

"Mashine inanichongea," akasema Mektilda.

"Mayu, wewe ndiye uliyesema pamba..."

"Nilisema pamba, sikusema zambarau! Sote tulivaa bluu. Nakumbuka. Kumbukumbu yangu haikosei. Kuna ile mikanda ya negativu kwenye bati. Siku ileile. Weka hiyo, tuone kama mashahidi wawili watasema uongo mmoja."

Bi Eufrasia akajivutia stuli, akakaa. Hakuwa na haraka tena ya kwenda popote.

Gilbert akaweka kipande cha negativu kwenye skana. Kwenye skrini ikaja kinyume cha dunia: nyuso nyeupe, pamba nyeusi, na yote imefunikwa rangi ya chungwa, ambayo negativu za rangi huzaliwa nayo. Akapima chungwa ile kwenye ukanda mtupu kati ya picha na picha, pale mwanga wa kamera haukuwahi kufika, akaitoa, kisha akaigeuza picha. Ikatoka kwaya ileile, imesogea hatua moja kulia. Lakini safari hii hakukuwa na wekundu. Pamba ilikuwa ya kijani-bluu na magauni yote yalielekea kijani cha maji ya ziwani.

"Sasa ni kijani," akasema Bi Eufrasia, akifurahia kama yuko sinema. "Uliuza mara mbili?"

"Ugonjwa ni uleule," Gilbert akasema. "Rangi ileile imekimbia. Ila kwenye negativu kila kitu kimegeuzwa. Giza la negativu ndilo mwanga wa picha. Kwa hiyo hapa tairi ni zima, kilichoharibika ni weupe. Kule nilivuta miguu. Hapa navuta kichwa."

Akavuta kilima cha nyekundu kwa upande wa mwanga mpaka pamba ikawa pamba. Akagusa bati. Kijani kikaondoka kwenye picha kama ukungu.

Kumi na moja bluu. Moja zambarau. Kidevu juu.

Nje, mwuza mahindi ya kuchoma alikuwa akigombana na mtu kuhusu chumvi.

Mektilda alikaa. Aliangalia ile zambarau, na kitambaa hakijui kumdanganya fundi wake. Aliuona mshono wa bega. Aliona jinsi kola ilivyokaa. Na kutoka mahali ambapo kumbukumbu isiyokosea ilikuwa imepafunga kwa kufuli, likatoka jora la bluu, lenye nje inayong'aa na ndani iliyofifia, la sura moja, ambalo hakuwa amewahi kushona mfano wake. Ukipanga vipande viwili vyote uso juu, ukakata mikono miwili kwa pamoja, unapata mikono miwili ya upande mmoja.

"Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto," akasema.

"Nani?" akauliza Gilbert.

"Gauni langu. Nilikata la mwisho, langu, siku mbili kabla ya sherehe, nimechoka, najiona nimekuwa bingwa. Yadi thelathini na sita, gauni moja yadi tatu, hakuna kipande cha ziada. Mikono miwili ya kushoto. Kanisani huwezi kuimba na gauni lisilo na mikono, zama zile. Nikaenda dukani, nikanunua zambarau kwa fedha yangu. Lile la bluu likawa foronya."

"Ungesema tu," akasema Bi Eufrasia, kwa sauti ambayo haikuwa ya mwenyekiti.

"Niseme nini? Kwamba fundi aliyekabidhiwa kitambaa cha Padre hajui kukata mkono? Wewe ulipoanza kusema nimeiba, nilikasirika, lakini sikuogopa. Mwizi anaweza kutubu. Fundi asiyejua kukata, nani atamletea kitambaa?"

Tangu siku ile kila mmoja alikuwa ameongeza kidogo. Uongo wa Eufrasia ulikuwa umeongeza magauni kumi na moja ya zambarau, na ukweli wa Mektilda uliongeza moja la bluu. Kwa miaka hamsini walikuwa wakigombana juu ya picha mbili ambazo hazikuwahi kupigwa.

"Na nitajuaje kwamba hukuuza hizo yadi tatu?" akauliza Bi Eufrasia. Kisha akajijibu mwenyewe kabla Mektilda hajainuka. "Hapana. Mwingine angebuni udhuru wa kujipamba. Wewe Mektilda nakujua. Huwezi kujitungia aibu, hata ukilipwa."

Ndiyo sifa nzuri kuliko zote Eufrasia alizowahi kumpa, na Mektilda aliipokea kama anavyopokea chenji, kwa kuihesabu kwanza.

"Weka ile ya kwanza kwenye kitabu," akasema Bi Eufrasia, akiiangalia nakala iliyokuwa mkononi mwa Mektilda. "Yote bluu, kanzu nyeupe, na mambo yaishe. Nani atajua?"

"Pamba itajua," akasema Mektilda. "Fungua daftari. Weka hii ya kweli. Na ule mstari wako wa ukurasa wa tisa usiufute. Usahihishe."

"Na kanzu ya Padre?"

"Ibaki ya chai. Usiseme nani alikuwa anafua. Sisi ni Wakristo."

Bi Eufrasia akafungua daftari juu ya goti. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa mtoto wa katekista, na aliandika polepole akisoma kwa sauti: "Kwaya ya kwanza. Magauni kumi na moja ya kitambaa cha bluu, zawadi ya Padre. Gauni la kumi na mbili ni zambarau, kwa kuwa fundi alikosea kukata. Fundi: Mektilda Mayunga." Akainua macho. "Sawa?"

Mektilda akalichukua daftari. Akasoma akifuata kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa darasa la kwanza. Kisha akanyoosha mkono, Gilbert akampa kalamu, na baada ya neno kukata, kwa herufi kubwa zisizokaa kwenye mstari, akaongeza: MARA MOJA TU.